Bure ya siku saba

Jamani, nimeliwa! Nilikuwa hapa Ngamiani, Barabara ya 12, natafuta programu ya kupiga picha hati za kiwanja ziwe PDF. Nikaiona moja, kitufe kikubwa cha kijani: jaribu bure siku 7. Wakataka namba ya kadi, nikaweka. Bure inayodai kadi, na mimi na akili zangu nikaona sawa!

Kazi ikaisha siku ileile, nikaifuta programu. Nikajua tumeachana. Wiki ya pili benki ikanitumia ujumbe: shilingi 14,900 zimekatwa. Wiki ya tatu, tena.

Kumbe kufuta programu hakusitishi usajili. Usajili unakaa kwenye akaunti ya duka la programu, sio kwenye simu. Unafungua duka, unagusa picha yako juu, unaingia kwenye malipo na usajili, ndipo unakuta kitufe cha kughairi. Na ughairi kabla siku za bure hazijaisha. Wenye iPhone wanatakiwa wawahi angalau saa 24.

Kinachoniuma, waliniambia. Chini ya kile kitufe kijani palikuwa na mstari wa kijivu, herufi kama sisimizi: baada ya siku 7, 14,900 kwa wiki, hujirudia hadi ughairi. Ukurasa wa kuthibitisha ulirudia, na risiti ya barua pepe pia, ambayo nimeifungua jana. Kwa wiki, sio kwa mwezi! Hapo ndipo waliponiweza.