Tangazo la msikiti: kutafsiri yote, ama kuachia imamu aseme kwa mdomo?

“Kwa msikiti wetu hapa Lubumbashi tangazo inatoka kwa Kiswahili, sasa watoto wetu na wale ndugu wa Afrika ya Magharibi wanasoma Kifaransa tu. Tutafsiri yote kwa papié, ama tuache imamu aseme kwa mdomo kisha swala ya Ijumaa?”

Nianze na upande wa wazee juu wako na hoja ya kweli na watu wanawapita haraka. Mzee wa Maniema aliyelelewa na Kiswahili cha msikiti anakwambia ukiweka papié mbili utakuwa na matangazo mawili. Leo imamu anabadilisha saa ya darsa, sekretere anasahihisha ile ya Kiswahili, ile ya Kifaransa inabaki kwa ukuta vilevile, na kwa watsap foto yake inaendelea kuzunguka siku tatu. Hapo aliyesoma Kifaransa amedanganywa, na hakuna aliyekusudia. Tena kuna jambo la umoja: Kiswahili ndicho kinachokalisha Mluba, Mbemba na Mmaniema kwa mkeka mmoja, na wazee wanaogopa kama kila kundi likisoma yake, kesho kila kundi litakuwa na kikao chake.

Lakini hiyo ya kusema kwa mdomo, angalia nani anaikosa. Wamama nyuma ya pazia ambako spika inakwaruza, wenye biashara wanaotoka mbio kisha salamu ya mwisho, wagonjwa, wenye kuwa safari ya Kasumbalesa. Na aliyesikia, jioni nyumbani anabaki na nusu: anakumbuka kuna fitri, kiasi amesahau. Mambo ya saa, pesa na zamu yanataka kitu unachoweza kurudilia na macho. Kwa hiyo mimi niko upande wa kutafsiri, ila kwa sharti moja ambalo nitalieleza, na sharti hilo halihusu sana Kifaransa, linahusu tangazo lenyewe la Kiswahili.

Chukua tangazo la mwisho wa Ramadani kama hivi, mistari ya kawaida kabisa:

“Darsa na dua usiku wa Ijumaa baada ya Isha. Kikao cha zamu Jumamosi saa 10. Fitri ni pishi moja kwa kila mtu, ipelekwe kwa mweka hazina kabla ya swala ya Idi. Kila mtaa utoe vijana 4 wa kutandika mikeka.”

Mzee anaisoma na haoni kasoro hata moja. Sasa mpe kijana aitie kwa Kifaransa, uone.

Usiku wa Ijumaa. Kwa hesabu ya Kiislamu siku inaanza jua likizama, ndiyo maana tarawehe ya kwanza inaswaliwa usiku ule kabla ya kufunga, na ndiyo maana mzee akisikia usiku wa Ijumaa anakuja Alhamisi kisha Isha. Kijana anaandika Ijumaa usiku, neno kwa neno, anaona kazi imekwisha. Matokeo ni kwamba wazee wanakuja Alhamisi, wanafunzi wa chuo wanakuja siku ya pili yake wanakuta mlango umefungwa. Tarehe tu ingemaliza: “Alhamisi 12/3 usiku, kuamkia Ijumaa, saa 2 kasorobo, yaani 19:45.” Na “baada ya Isha” yenyewe usiache peke yake kwa mgeni, juu hapa kwetu jua la mwezi wa 6 linazama mapema kuliko la mwezi wa 12, tofauti inapita nusu saa, kwa hiyo anayekuja na mazoea ya saa ya miezi iliyopita anaweza kukosa.

Saa 10 ndiyo mbaya zaidi. Ukiandika swala ya Idi saa 2, hakuna atakayekuja saa nane ya usiku, kosa linajionyesha lenyewe na mtu anauliza. Ila kikao cha Jumamosi saa 10? Kwa saa ya Kiswahili ni 16:00, kwa yule ambaye tangu shule anahesabu kwa Kifaransa ni 10:00 asubuhi, na zote mbili ni saa nzuri ya kikao, hakuna atakayeshtuka. Lubumbashi tunachanganya hizi hesabu mbili kila siku, hata kwa sentensi moja, kwa hiyo hapa hata msomaji wa Kiswahili hana uhakika. Makosa ya kuogopa ni haya yanayofanana na ukweli, na ukitaka kuyajua kabla, uliza mtu mmoja wa kila upande: utafika saa ngapi kwa saa ya simu yako? Wakitoa namba mbili, tangazo halijawa tayari.

Sasa fitri, hapa nataka tukae kidogo juu ni haki ya maskini. Pishi ni kipimo cha wazee, vibaba vinne, na kinapima ujazo, si uzito. Kwa kilo watu wengi wanahesabu 2.5 mpaka 3. Kijana wa leo pishi hajawahi kuiona, na ukimwambia meka ya sokoni utaingiza shida nyingine juu meka zenyewe hazilingani. Kwa hiyo kilo ziandikwe, na komite ichague namba moja, kwa mfano 2.5. Mtafsiri asijichagulie.

Kisha “kwa kila mtu”. Kwa Kifaransa kijana mara nyingi ataweka kila muumini, inasikika vizuri, ya adabu. Lakini muumini anayesoma anajihesabu yeye mwenyewe. Sheria inasema mwenye nyumba anatoa kwa nafsi yake na kwa wote anaowalisha, hata mtoto mchanga. Papa wa Katuba mwenye bibi, watoto watatu na mama yake mzazi, jumla watu 6, anatakiwa kilo 15. Akisoma kila muumini analeta 2.5, anarudi nyumbani moyo mweupe, na kilo 12.5 za maskini zimepotea kwa neno moja. Mweka hazina anaweza kuiona hii akikagua daftari: kama nyumba nyingi zimeleta fungu moja moja, shida si uchoyo, shida ni sentensi. Andika “kwa kila mtu wa nyumba, na watoto wachanga”, weka mfano wa watu 6, imekwisha.

Tena jina fitri lisitafsiriwe. Nimeona likigeuzwa kuwa mchango tu, sawa na pesa ya mabati ya paa, na kule makanisani neno sadaka ndilo la kapu ya Jumapili, kwa hiyo jirani aliyeingia dini mwaka huu atachanganya kabisa. Zaka ya mali ni asilimia 2.5 ya mali iliyofika kiwango na kukaa mwaka mzima wa mwezi, fitri ni chakula cha mwisho wa Ramadani, sadaka ni ya hiari. Na angalia mtego: 2.5 inatokea mara mbili, kilo huku na asilimia kule, mtu akiandika namba bila neno la pembeni yake anazalisha fujo. Acha jina kama lilivyo, ongeza maneno machache ya kueleza.

Kuna kitu cha ndani zaidi ambacho mtafsiri mzuri atakigusa. Wengi wetu tunafuata Shafii, tulivyorithi kutoka pwani, na kwa Shafii unaweza kutoa fitri tangu mwanzo wa Ramadani. Ndugu wa Senegali na Mali wanafuata Maliki, kwao ni siku moja ama mbili tu kabla ya Idi. Komite ikiandika lete kuanzia tarehe 20 ya Ramadani, yule ndugu anasoma anakaa kimya, haleti, na watu wanaanza kusema hao ni wagumu. Je, mtafsiri abadilishe tarehe kwa ajili yao? Hapana, hiyo si haki yake, akianza kurekebisha hukumu kwa kila msomaji wazee watakuwa wamesema kweli kwamba tuna matangazo mawili. Lakini anaweza kurudi kwa komite na swali: hiki chakula mnakigawa lini? Wakijibu tunashika kwa niaba yenu, tunagawa siku mbili za mwisho, basi sentensi hiyo iandikwe, kwanza kwa Kiswahili, na ndugu wa Maliki anaweza kutoa bila wasiwasi juu kinachohesabiwa ni siku kinapomfikia maskini. Vilevile kama mweka hazina anapokea franka, useme wazi ni pesa ya kununulia chakula, na uweke bei na tarehe ya bei, juu soko halingoji.

Na “kabla ya swala” ni mwisho uliotajwa kwa hadithi, si mwisho wa komite. Hadithi inasema kisha swala inahesabiwa sadaka ya kawaida. Mgawaji anahitaji muda wa kufika Ruashi na Kampemba, na mwezi unaweza kuwa wa siku 29 ama 30, kwa hiyo komite iweke siku yake mwenyewe, tuseme 27 Ramadani, na papié zote mbili ziseme hivyo.

Zamu nitapita haraka. Mtaa kwa mmoja ni kartié, kwa mwingine ni barabara yao tu, na vijana 4 kwa kila barabara ni jeshi. Andika jina la kartié, idadi, saa, na nani wa kumpigia. Na tafsiri ya Kifaransa isigeuze “watoe” kuwa “wakipenda”, adabu ikizidi mikeka haitandikwi.

Basi sharti langu ndilo hili: mtafsiri apewe tangazo kabla halijatoka, na awe na ruhusa ya kulirudisha na maswali. Karibu kila tatizo nililotaja lilikuwa tayari ndani ya Kiswahili, Kifaransa kimelifunua tu. Kwa hofu ya wazee ya papié mbili, iwe papié moja, Kiswahili kushoto, Kifaransa kulia, namba za saa, tarehe na kilo zikae katikati mara moja tu kwa wote wawili, na juu kabisa tarehe ya kutoka. Likibadilika linang'olewa lote, jipya linapigwa foto na la zamani linafutwa kwa watsap na yule yule aliyelituma. Kufanya hivyo kunaongeza nusu siku ya kazi, na komite isiyokuwa na mtu wa kuifanya bora itafsiri mistari mitatu tu, saa, fitri na zamu, yale mengine imamu ayaseme. Janaza peke yake siitii humo: maiti haingoji tafsiri, hapo sauti ya watsap kwa lugha zote mbili inatosha.