Sinia la Jubilei Lililoruka Miaka 25

Ukiona Dar es Salaam watu wazima wamekaa Jumapili jioni kwenye viti vya plastiki, mmoja ameshika kaunta buku na mwingine anauliza kama kuna maji ya kunywa, jua hiyo ni kamati. Yetu ilikuwa Tabata, na kazi yake ni jubilei ya fedha ya baba mkubwa na mama mkubwa, waliofunga ndoa mwaka 1999. Mwenyekiti alishapatikana, mhazini alishapatikana, hata mtu wa kusimamia vinywaji alishagombewa na watu wanne. Kikabaki kitengo cha zawadi, nikapewa mimi kwa sababu nilikuwa nimekwenda msalani wakati wa kugawana.

Shemeji yangu ndiye aliyeleta mambo ya utaalamu. Alikuwa na orodha kwenye simu: mwaka wa kwanza karatasi, wa 5 mbao, wa 10 bati au aluminiamu, wa 25 fedha, wa 50 dhahabu. Akatusomea kwa sauti ya padri. Mama mmoja akashangaa: kama mwaka wa 10 ni aluminiamu, basi harusi zote za Dar zinaanzia mwaka wa 10, maana bibi harusi hajavua shela ameshakabidhiwa masufuria. Hakuna aliyembishia.

Orodha yenyewe si ya Mungu, niseme tu. Fedha kwa 25 na dhahabu kwa 50 ni desturi ya zamani ya Wajerumani, ambako mke alivikwa taji la majani la fedha, akijaliwa kufika 50 anapata la dhahabu. Miaka mingine mingi ya katikati iliongezwa mwaka 1937 na chama cha wauza vito wa Marekani, yaani wenye maduka wenyewe. Nilipolisema hilo kwenye kikao nikaambiwa nisianze kutafuta sababu za kutonunua.

Tukakubaliana: seti ya chai ya fedha. Birika, kikopo cha sukari, kikopo cha maziwa, na sinia kubwa katikati yake pamechongwa majina na 1999–2024. Bajeti shilingi 450,000. Hapo ndipo mtu mwenye akili angenyanyua mkono. Mwaka huo kilo moja tu ya fedha tupu, hata kabla fundi hajaigusa, ilikuwa inapita shilingi milioni 2, na sinia peke yake lilikuwa na uzito wa mtoto wa miezi minne. Lakini kamati ilikuwa imetoka kupitisha bajeti ya bia. Baada ya bajeti ya bia hakuna anayepiga hesabu tena.

Nikaenda Kariakoo na shemeji. Duka silitaji. Seti ilikuwa inang'aa mpaka unaona kama nyusi zako zimekaa sawa. Shemeji akatoa mfukoni sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu, akaisogeza kwenye sinia. Haikushika. Akaitembeza pembeni, chini, kwenye mpini wa birika. Wapi! Akamgeukia muuzaji na uso wa hakimu: "Hii ni fedha." Muuzaji naye, mtu mpole, akasema, "Umesema wewe, kaka."

Baadaye nilijifunza kwamba sumaku inakuambia kitu kimoja tu, kwamba hicho si chuma. Fedha haishikwi na sumaku, lakini shaba nayo haishikwi, na aluminiamu haishikwi. Kwa sumaku ile ya shemeji hata masufuria ya mama mkubwa yangepita mtihani. Kitu cha kutazama kilikuwa mgongoni mwa sinia. Fedha halisi ya vyombo kwa kawaida hugongwa namba 925, maana yake katika sehemu 1,000 za ile madini 925 ni fedha na zilizobaki mara nyingi ni shaba ya kuipa ugumu. Letu lilikuwa na herufi mbili: EP. Shemeji akasema hizo ni alama za bidhaa ya nje. Kumbe ni alama ya chombo cha kuchovya: kimetengenezwa kwa madini ya bei ndogo, kikatumbukizwa kwenye dawa yenye fedha na kupitishiwa umeme, kikatoka na utando mwembamba kuliko unywele.

Tulipata na onyo la pili. Mchongaji alipomaliza kazi, majina yalitokea njano. Sinia jeupe, maandishi njano. Ni kwamba kile kipatasi chake kilishapita utando na kufika kwenye shaba ya njano iliyokuwa chini. Picha ikarushwa kwenye kundi la Wasapu la kamati, na majibu yakamiminika: "Hongera sana kitengo cha zawadi, hiyo ya kuchanganya rangi ni ubunifu wa hali ya juu." Nikajibu asanteni.

Seti ikaletwa kwangu, nikaitunza kwa mapenzi yote. Kila kipande nikakizungushia gazeti, nikakibana kwa mipira ile ya kufungia noti, sinia nikalipiga mipira mitano mikubwa, kabati nikafunga kwa ufunguo.

Ijumaa, kesho yake ndiyo sherehe, nikafungua. Sinia lilikuwa na mistari mitano myeusi kutoka upande hadi upande, kama punda milia. Birika nalo lilikuwa limefifia, lina wingu la kahawia. Nikapiga kelele. Bibi, mzaa baba mkubwa, aliyekuwa amefika jana yake kutoka Lushoto na kulala kwangu, akaja na kanga moja akidhani kuna nyoka.

"Shikamoo bibi, hamna kitu, ni vyombo vya zawadi vimechafuka."

"Marahaba. Sasa unalilia vyombo? Maji hakuna?"

Sikumjibu vizuri, Mungu anisamehe. Nikabeba kikopo cha sukari kama kielelezo, nikakimbilia daladala kwenda kwa sonara mmoja mzee ninayemfahamu. Alikitazama kidogo tu, akaniuliza, "Ulifunga na rababendi?" Akaeleza kuwa mipira ile hukomazwa kiwandani kwa salfa, na salfa ndiyo adui wa fedha. Zikigusana, juu ya fedha panatokea weusi. Ndiyo sababu hata kijiko cha fedha ukikilia yai la kuchemsha kinabadilika. Joto na unyevunyevu wa Dar huharakisha kazi.

Dawa ilikuwa rahisi mpaka inatia hasira. Chukua beseni, tandika ndani ile karatasi ya aluminiamu ya kufungia vyakula, weka chombo kiiguse, mwagia maji ya moto sana yenye vijiko viwili vitatu vya magadi soda. Salfa inaihama fedha na kuifuata aluminiamu, na fedha inabaki palepale ilipokuwa. "Ila usisugue," akasema sonara, akakigeuza kikopo na kunionesha zile herufi mbili. "Hiki cha kuchovya. Ukisugua unaondoa fedha yenyewe. Ukifika kwenye shaba, dawa ya beseni haikusaidii."

Nikanunua karatasi, nikanunua magadi, nikapanda gari, nikakaa kwenye foleni ya Buguruni nikiwa na amani moyoni. Foleni ile ilikuwa ndefu. Ilitosha.

Nilipoingia uani, bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, sinia katikati ya miguu, mkono mmoja stiliwaya, mwingine majivu. Kijasho chembamba. Aliponiona akalinyanyua sinia juu, likapigwa na jua la saa kumi, nikafumba macho.

Lilikuwa njano. Lote. Pembeni tu kwenye nakshi, stiliwaya isipofika, palikuwa na weupe kidogo.

"Umeona?" bibi akasema. "Mlipewa chombo kimepakwa chokaa. Nimesugua mpaka nimeikuta dhahabu."

"Bibi..."

"Usinishukuru. Hilo birika niletee."

Nikalikumbatia birika, nikakimbia nalo jikoni, nikajifungia. Karatasi, magadi, maji ya moto. Jikoni pakaanza kunuka yai viza, kwa hiyo nikajua salfa inatoka, na baada ya dakika chache birika likawa jeupe kabisa. Kwa hiyo sasa nilikuwa na birika la miaka 25 juu ya sinia la miaka 50. Nikampigia sonara. Akasema sinia linaweza kuchovywa upya, ila si kwa siku moja, na si kabla ya kesho saa mbili usiku.

Ukumbini Sinza zawadi ziliingia kwa muziki, kamati nzima tukizisindikiza kwa kucheza, mimi mbele na sinia kichwani. Nilikuwa nimepanga nicheze haraka nikalifunike na kitambaa. Lakini taa za ukumbini ziliwaka zote pamoja, na emsii, ambaye hulipwa kwa kuona, akaona.

"Jamani! Fedha ni miaka mingapi?"

"Ishirini na tano!"

"Na dhahabu?"

"Hamsini!"

"Basi kamati hii imewalipia ndugu zetu mpaka hamsini!"

Vigelegele vikapaa. Bibi akasimama akacheza peke yake. Mama mkubwa akaomba maiki, akalitazama sinia, akamtazama baba mkubwa, akasema kama hamsini imeshatimia basi yeye zamu yake ameimaliza, ndugu wa mume wapo hapa, wamchukue mtu wao. Baba mkubwa akaanza kutafuta koti.

Kelele zilipotulia nikasikia meza ya wakweze wakinong'ona. Hawakuwa wanacheka. Walikuwa wanajiuliza, hawa walituambia kuku hawatoshi, mchango kadi ya dabo laki moja, kumbe dhahabu walikuwa nayo?

Wiki iliyofuata tukakaa kuvunja kamati. Supu ilikuwepo, na wakweze walituma wajumbe wawili wenye miwani. Mhazini akasoma mapato na matumizi. Akafika zawadi, 450,000. Mjumbe mmoja akaomba risiti ya dhahabu. Nikamweleza habari ya kuchovya, EP, stiliwaya na shaba. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema maelezo ameyapenda, sasa anaomba risiti ya dhahabu. Shemeji akatoa sumaku.

Bibi alikuwa amekaa pembeni na bakuli lake la supu. Akanyoosha kidole, mhazini akampa nafasi akitegemea atatuokoa.

"Mmesoma yote," bibi akasema, "stiliwaya sijaisikia. Mia tano yangu iko wapi?"