Jasi au chokaa? Gusa ukuta kwanza, konisi baadaye

Konisi ni ule ukingo wenye umbo unaozunguka chumba pale ukuta unapokutana na dari. Nyingi za mjini siku hizi ni za jasi, au jipsamu kama mafundi wanavyoiita. Sina ugomvi na jasi. Ugomvi wangu ni pale inapobandikwa kwenye kuta za mawe ya matumbawe, Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, kwa sababu tu ni nyeupe na inakauka upesi. Nyumba hizo zilijengwa kwa chokaa, na zile zidaka za Lamu zenye nakshi zilichongwa katika plasta ya chokaa. Ukuta wa namna hiyo huvuta maji kutoka ardhini na huyatoa kupitia plasta, pamoja na chumvi yake.

Jasi inayouzwa kwa mifuko ni jiwe lililochomwa kwa joto la nyuzi 150 hivi likapoteza robo tatu ya maji yake. Ukiirudishia maji inarudi kuwa jiwe ndani ya dakika 10 hadi 30, na inapofanya hivyo inavimba kidogo. Chokaa huchomwa kwa nyuzi 900 hivi, huzimwa kwa maji, kisha hurudi kuwa jiwe polepole kwa kunywa hewa ya ukaa, kuanzia juu kwenda ndani, na inapokauka hunywea. Basi moja inavimba na nyingine inanywea. Hapo ndipo penye faida na hasara zote.

Jasi ikishakuwa jiwe bado huyeyuka majini: lita moja hubeba takriban gramu 2. Ni kidogo, lakini ukuta unaolowa kila masika huyeyusha na kukausha mwaka hadi mwaka, na konisi hulainika kwa nyuma huku usoni ikionekana nzima. Misumari ya kawaida iliyo ndani yake hupata kutu na kutoa madoa ya rangi ya chai. Na jasi iliyolowa ikigusana na plasta ya saruji, huzaliwa kati yake chumvi inayovimba na kuibandua. Kwenye chumba kikavu, chini ya zege lisilovuja, hakuna lolote kati ya haya linalotokea, na hapo jasi ni bora kuliko chokaa kwa kazi ya umbo. Chokaa peke yake haiwezi kubeba unene kwa mara moja: kila tabaka lisizidi milimita 10, na kila moja lisubiriwe likaze huku likinyunyiziwa maji. Konisi ya sentimita 8 kwa chokaa tupu ni kazi ya wiki kadhaa. Kwenye ukuta wa matumbawe unaotoa chumvi, wiki hizo ni lazima.

Tuchukue chumba kikavu cha mita 4 kwa 3, dari ya zege, konisi inayoshuka sentimita 8 ukutani na kutoka sentimita 8 darini. Mzunguko ni mita 14. Umbo lake ni karibu pembetatu, kwa hiyo plasta itakayobaki ni lita 45 hivi, na jasi kavu ni takriban kilo 40. Konisi hii huumbwa palepale ukutani kwa kuburuta bati lililokatwa umbo lake juu ya plasta mbichi, na kazi hiyo hudondosha nyingi sakafuni, kwa hiyo nunua mifuko 3 ya kilo 25.

Chombo chenyewe ni kiolezo. Kata umbo la konisi kinyume chake kwenye bati la milimita 1, lisuguliwe kwa tupa laini na kumaliziwa kwa msasa. Pengo dogo kama unywele kwenye makali litachora mstari mita zote 14, na msasa wa baadaye hautaufuta bila kuharibu kona za umbo. Pigilia bati kwenye ubao uliokatwa umbo lilelile, ubao uwe nyuma ya makali kwa milimita 3 na umechongwa mshazari ili usiguse plasta. Chini yake funga kipande cha mbao chenye urefu wa sentimita 30 kama kiatu, kikae pembe mraba na bati. Kiatu hiki huteleza juu ya ubao mnyoofu uliopigiliwa ukutani kwa pima maji, na ncha ya juu ya bati huteleza darini. Kwa kuwa ncha hiyo hufuata dari, dari yenye mawimbi itakupa konisi yenye mawimbi. Nyoosha kwanza ukanda wa dari kwa jasi na rula ndefu.

Parua zege na ukuta, kisha lowesha. Ukirusha maji yakanyweka papo hapo, rudia. Ukuta mkavu hunyang'anya plasta maji kabla haijaiva, nayo hubaki unga unaokwanguka kwa ukucha.

Kuchanganya: maji kwanza, lita 1 kwa kilo 1.5 za jasi. Nyunyiza jasi juu ya maji hadi itokeze visiwa, iache dakika 1 au 2, ndipo ukoroge taratibu. Ndoo iwe safi kabisa, maana chembe za plasta ya jana huharakisha kuganda, na maji ya kisima chenye chumvi hufanya hivyohivyo. Ikikimbia sana, matone machache ya ndimu huichelewesha. Iliyoanza kuganda usiiongezee maji, kwani haitakuwa ngumu tena. Itupe.

Mzunguko wa kwanza ni wa kiini. Funika makali ya bati kwa kipande kingine cha bati kinachotokeza milimita 5 mbele, ili kiini kiwe kidogo kuliko konisi. Rusha plasta kwa mwiko, pitisha kiolezo bati likiwa mbele, rusha tena pale palipo na mashimo. Acha kiini kipate joto chenyewe kinapoganda, kisha kipoe. Kimevimba chote kinachoweza kuvimba, na hilo ndilo lengo: ukijaza unene wote kwa mkupuo mmoja, uvimbe hukaba kiolezo katikati ya safari na kingo za umbo huchanika.

Sasa ondoa bati la ziada. Kwa tabaka la mwisho napendelea mchanganyiko wa jasi na chokaa iliyozimwa na kulowekwa hadi ikawa nzito kama siagi, kiasi sawa. Tandaza chokaa mviringo ubaoni, mimina maji katikati, nyunyiza jasi, changanya kidogo kidogo. Chokaa huipa ulaini wa kuteleza, na kunywea kwake hupunguza uvimbe wa jasi. Pitisha kiolezo bila kusimama, ukiosha makali kila upande unapoisha. Mwisho pakaza uji mwembamba wa mchanganyiko huohuo na pita mara moja ya mwisho. Uso ukitoka na michirizi iliyochanika, plasta ilikuwa imeshapitiliza. Kona za umbo zikitoka butu, ilikuwa nyepesi mno au haikutosha.

Kiolezo hakifiki pembeni mwa chumba, kwa kuwa kiatu hugota ukuta wa pili. Hubaki pengo la sentimita 15 au zaidi kila upande wa pembe. Fundi mzuri hulijaza kwa mkono, akitumia rula ya chuma iliyokatwa mshazari nyuzi 45, akiilaza juu ya sehemu iliyokamilika na kuivuta kuelekea pembe, mstari mmoja mmoja. Pembe nne zinaweza kula muda sawa na mita zote zilizobaki, na ukiwa unakubaliana bei na fundi, hesabu pembe peke yake.