Hadidu za rejea za soko: huku tunaeleza hitaji, nyumbani tunaagiza jengo

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikifanya kazi katika ofisi ya wasanifu majengo huku Uingereza, na kila ninapotumiwa hadidu za rejea kutoka nyumbani za kumpata mshauri elekezi wa kusanifu soko la mji mdogo, naiona tofauti ileile kabla sijafika ukurasa wa pili. Hadidu za huku huanza kwa kueleza ni nani watakaolitumia jengo, wanafanya nini na wanakwama wapi. Za nyumbani huanza kwa kuagiza jengo lenyewe, kwa mfano soko la ghorofa moja lenye vizimba 120, fremu kadhaa za maduka, ofisi na vyoo. Siamini kwamba wasanifu wa nyumbani wamezidiwa ujuzi. Naamini wanafungwa mikono na waraka wa kurasa chache ambao wao hawakuuandika.

Rasimu ya mwisho niliyotumiwa na shemeji yangu, anayefanya kazi katika halmashauri, ilitaka vizimba hivyo 120 viingie katika ukumbi wa chini usiozidi mita za mraba 600. Hesabu yake haihitaji utaalamu. Kizimba cha kawaida cha mita 2 kwa mita 2, chenye meza ya sentimita 80 na nafasi iliyobaki kwa ajili ya muuzaji na magunia yake, huchukua mita za mraba 4, na vyote 120 huchukua 480. Vizimba hupangwa viwili viwili vikipeana mgongo, kwa hiyo kila safu ina upana wa mita 4. Ili safu hizo zienee katika mita za mraba 600, njia kati ya safu na safu lazima iwe na upana wa mita 1 tu, na hapo bado hatujaweka njia za kukatiza, vyoo, stoo wala mahali pa kushushia mizigo. Katika njia ya mita 1, mchukuzi mwenye gunia begani hawezi kupishana na mteja mwenye kikapu.

Tukizipa njia upana wa mita 2.5, ambao kwa maoni yangu ndio wa chini unaovumilika, vizimba na njia zake peke yake vinafika mita za mraba 780, na ukiongeza mahitaji mengine jengo linapita 1,000 bila anasa yoyote. Mshauri atakayeshinda zabuni hiyo atabakiwa na mambo matatu ya kuchagua: apunguze kizimba, abane njia, au apandishe wafanyabiashara ghorofani. Mara nyingi huchagua ghorofa kwa sababu inapendeza kwenye mchoro. Lakini mteja anayenunua mahitaji ya kila siku hapandi ngazi ikiwa bidhaa ileile inapatikana chini, na muuzaji wa juu akishaona siku zinapita bila mauzo hurudi kupanga bidhaa zake barabarani, nje ya soko jipya.

Nilipouliza namba 120 imetoka wapi, jibu lilikuja kwa ujumbe mfupi: "Shemeji, hiyo tumeitoa kwenye daftari la ushuru." Daftari la ushuru linaonyesha waliolipa. Halimwonyeshi anayeuza chini siku ya gulio pekee, wala wawili wanaopokezana meza moja asubuhi na jioni, wala aliyelipia meza tatu na kuzikodisha mbili. Kwa hiyo namba hiyo inaweza kuwa kubwa mno au ndogo mno, na hakuna anayejua ni ipi kati ya hizo mpaka watu wahesabiwe sokoni.

Mpango wa Kazi wa RIBA, yaani taasisi ya wasanifu wa hapa, katika toleo lake la 2020 una hatua nane, kuanzia 0 hadi 7, na usanifu wenyewe huanza hatua ya 2. Hatua mbili za mwanzo ni za kujiuliza kama jengo ndilo jibu, kisha kuandaa maelezo ya mahitaji. Nyumbani hatua hizo hubanwa katika sentensi moja: "Mshauri atakusanya taarifa zote muhimu." Sentensi hiyo inaonekana kumbana mshauri, ilhali inamwachia huru, kwa sababu anayetaka kushinda kwa bei ya chini huitafsiri kuwa ziara ya siku moja. Dalili yake utaiona katika ratiba ya kazi anayoambatisha: hakuna siku zilizotengwa kwa ajili ya wahesabuji, na michoro ya awali inaanza wiki ya pili.

Afadhali hadidu ziseme wazi kwamba wafanyabiashara watahesabiwa siku ya kawaida na siku ya gulio, asubuhi, mchana na jioni, na kwamba kila mmoja ataandikwa anauza nini, mzigo wake unafika kwa chombo gani, na kama anahitaji maji. Ziseme pia nani analipia mashimo ya kuchunguza udongo, maana zikinyamaza mhandisi atakadiria tu nguvu ya ardhi, na msingi utakuwa ama wa gharama isiyo ya lazima ama dhaifu. Nyumbani tuna nafasi ambayo huku hawana. Kamati ya soko ipo, mwenyekiti wake anawajua watu kwa majina, na kikao cha wauzaji kinaweza kuitishwa kesho asubuhi. Huku nimeona mashauriano ya namna hiyo yakichukua miezi na kuzaa ripoti nene ambayo wauzaji wenyewe hawakuisoma.

Jambo la mwisho ni malipo, na hapa ndipo ninapobishana zaidi na shemeji. Rasimu yake ilimlipa mshauri asilimia 20 kwa ripoti ya kuanza kazi, 50 kwa michoro ya awali na 30 kwa michoro ya mwisho. Kwa mpangilio huo, fedha nyingi zinatoka kabla halmashauri haijaamua lolote, na mshauri hana sababu ya kupokea simu siku mkandarasi atakapouliza nondo za nguzo zinakatwa wapi. Pendekezo langu ni 10 kwa ripoti ya kuanza, 20 kwa matokeo ya hesabu pamoja na michoro miwili mbadala yenye makisio ya gharama, 25 kwa usanifu wa awali, 30 kwa michoro ya kina na mchanganuo wa vipimo na gharama, na 15 ibaki kwa ajili ya kujibu maswali ya wazabuni na kukagua ujenzi. Baada ya ile michoro mbadala kazi isimame mpaka halmashauri iandike, kwa saini, ni upi umechaguliwa.

Mweka hazina wao alipinga ile asilimia 15, akisema ujenzi unaweza kuchelewa miaka miwili na fedha haziwezi kukaa zikisubiri. Hoja hiyo ni ya haki, na huku haitusumbui sana kwa kuwa mara nyingi fedha za ujenzi zinajulikana mapema. Nilishauri ukaguzi uondolewe katika malipo ya usanifu na uwekewe bei ya siku moja ya mhandisi na ya msanifu ndani ya zabuni ileile, pamoja na kanuni ya kuipandisha bei hiyo kila mwaka, kisha halmashauri iwaite kwa barua fedha za ujenzi zitakapofika. Asilimia zilizobaki zitagawanywa upya, lakini sehemu ya michoro ya kina isilipwe yote mpaka maswali ya wazabuni yawe yamejibiwa kwa maandishi.