Jedwali Lililokatwa Kichwa

Nina ugomvi na watu wanaopiga picha jedwali la maji kujaa na kupwa kisha wanakata sehemu ya juu ili namba zionekane kubwa. Mimi mwenyewe nimo, nimewahi kutuma picha za namna hiyo nikidhani nawafanyia watu wema. Ili nieleze kwa nini nimeacha, nitasimulia kisa. Nimekitunga, wala msimtafute kijana huyu ufukweni, ila makosa yaliyomo ndani yake si ya kutunga.

Kijana alikuwa nahodha kwa mara ya kwanza. Mjomba wake, mwenye mashua, alikuwa amemwachia usukani na yeye mwenyewe kukaa mbele kama baharia wa kawaida. Jioni kabla ya safari, simu ya kijana ikaleta picha mbili kutoka kwa rafiki. Ya kwanza ilikuwa ya jedwali la maji kujaa na kupwa, imepigwa ukutani, kidole cha mpigaji kikionekana pembeni. Ya pili ilikuwa tangazo la hali ya hewa ya bahari. Akaikuza picha ya kwanza mpaka akaifikia tarehe 15:

```
15   0412  3.6
     1018  0.4
     1631  3.7
     2242  0.5
```

Hapa wengi huteleza mapema kabisa, kwa sababu ya saa zetu. 0412 si saa nne, ni saa kumi na dakika kumi na mbili alfajiri. Ukisoma haraka huku usingizi umekushika, unaweza kwenda pwani saa nne asubuhi ukitarajia maji yamejaa, kumbe ndiyo yanamalizia kupwa. Kijana hakuteleza hapo. Alichukua kalamu akaandika saa za Kiswahili ubavuni mwa kila namba, na tabia hiyo namsifia.

Safu ya pili ni mita, lakini si kina cha maji. Ni kimo cha maji juu ya sifuri ya ramani ya bahari, na sifuri hiyo imewekwa chini sana, karibu na pale maji yanapofika yakipwa kupita kiasi. Ili upate kina cha mahali, unachukua kina kilichoandikwa kwenye ramani unajumlisha kimo cha jedwali. Mlango wa mwamba aliotaka kupita kijana una sentimita 20 tu kwenye ramani. Mashua yake inazama sentimita 70, na kwa sababu mawimbi huiinua na kuishusha, mjomba alimzoesha kuacha sentimita 70 nyingine chini ya mkuku. Jumla mita 1.4. Toa zile 20 za ramani, anahitaji kimo cha mita 1.2 ndipo apite.

Kutoka hakukuwa na shida, maji yangekuwa tele alfajiri. Hesabu ilikuwa ya kurudi. Akatumia kanuni ya sehemu kumi na mbili: gawanya tofauti ya kupwa na kujaa kwa kumi na mbili, kisha maji hupanda sehemu moja saa ya kwanza, mbili saa ya pili, tatu saa ya tatu, tatu tena saa ya nne, halafu mbili, halafu moja. Kutoka 0.4 hadi 3.7 ni mita 3.3. Saa mbili za mwanzo ni sehemu tatu, yaani kama mita 0.8, na ukijumlisha 0.4 unapata 1.2. Basi saa mbili baada ya maji kupwa, saa sita na dakika 18 mchana, mlango ungempitisha.

Tangazo la hali ya hewa lilisema upepo wa kusini-mashariki noti 15, kuongezeka hadi noti 25 kuanzia 0900 UTC, mawimbi mita 1.5. Kijana alijua kwamba UTC si saa ya ukutani. Kwa saa za Afrika Mashariki unaongeza tatu, kwa hiyo 0900 ni saa sita kamili mchana. Alijua pia kwamba mita 1.5 ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi, si wimbi kubwa kuliko yote. Moja moja linaweza kukaribia mara mbili ya hapo. Hata hivyo akaona mambo yanakwenda: upepo unaongezeka saa sita, yeye saa sita na robo yuko mlangoni, anaingia maji yakijaa na upepo ukimsukuma kwa nyuma. Akalala.

Kila alichokifanya mpaka hapo ni sahihi. Sisi tunaotuma picha tunapenda kusema vijana hawajui kusoma jedwali. Huyu alijua kulisoma kuliko wengi wetu, ila alipewa jedwali lisilo na jina la mwezi.

Kurasa nyingi za jedwali huweka miezi mitatu kwa pamoja, kila mwezi na safu zake, na jina la mwezi liko juu kabisa, pale pale palipokatwa. Kijana alikuwa akisoma mwezi wa kwanza wa ukurasa, na kumbe walikuwa katika mwezi wa tatu wa ukurasa huo huo.

Utasema angeona tofauti. Asingeiona, na hiyo ndiyo sehemu inayonitisha. Mwezi wa angani huchukua takriban siku 29 na nusu kutoka mpevu hadi mpevu, na miezi miwili ya kalenda kwa kawaida ni siku 61. Kwa hiyo tarehe 15 ya mwezi wa kwanza na tarehe 15 ya mwezi wa tatu hupishana kwa kiasi cha siku mbili tu za mwezi wa angani. Zote ni bamvua, na zote zina maji makubwa alfajiri na jioni. Ukitazama juu unaona mwezi umeanza kumeguka ubavu mmoja, unasema naam, jedwali na mwezi vinakubaliana. Lakini siku mbili hizo zinasogeza maji kwa zaidi ya saa nzima.

Ajabu ni kwamba jedwali la mwaka jana lina hatari ndogo kuliko hilo. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, basi jedwali la mwaka jana litakuandikia bamvua wakati juu yako mwezi hauko mpevu wala mwandamo. Mvuvi yeyote atalitupa. Kosa la mwaka linajitangaza lenyewe, na la mwezi linanyamaza.

Saa kumi kasorobo kijana na mjomba walikuwa pwani. Mabaharia wawili walikuwa wakipakia nyavu. Mjomba akachomeka mti ndani ya maji yanayofika magotini, nyuma ya mashua ambako mawimbi yametulia, na hakusema kitu. Ilipofika saa kumi na dakika kumi na mbili akamwambia kijana afunge uzi pale maji yanapogusa.

"Jedwali lako linasema nini, mpwa wangu?"

"Yamejaa, mjomba. Yanasimama sasa."

"Haya, tungoje."

Baharia mmoja akanung'unika kwamba wanachelewa, mwezi uko juu na bamvua ni bamvua. Saa kumi na nusu kijana akamulika tochi. Uzi ulikuwa umezama upana wa kiganja kizima. Akafikiri labda ni mawimbi, akangoja. Maji yanapokaribia kujaa huenda polepole mno, kwa hiyo dakika tano hazikuambii kitu, ni lazima uupe mti muda. Yalisimama saa kumi na moja na robo imepita kidogo, uzi ukiwa shibiri nzima chini.

Upepo unaoelekea ufukweni unaweza kuyainua maji kidogo juu ya kimo cha jedwali, na jedwali halijui habari za upepo, linahesabu mwezi na jua tu. Ila upepo mwepesi wa alfajiri ile usingeweza kuchelewesha maji kwa saa nzima. Kijana akampigia rafiki simu, akamwamsha, akamwomba ukurasa mzima, na juu na chini. Picha ikaja. Safu ya kulia, chini ya jina la mwezi walio nao, ilisomeka hivi:

```
15   0519  3.4
     1124  0.6
     1737  3.5
```

Akakaa juu ya ukingo wa mashua akarudia hesabu. Kupwa ni saa tano na dakika 24, si saa nne na dakika 18. Tofauti ya kupanda ni mita 2.9, sehemu tatu ni kama mita 0.7, na ukijumlisha 0.6 unapata 1.3 saa saba na dakika 24 mchana. Kama angefuata picha ya kwanza, saa sita na dakika 18 angefika mlangoni kukiwa na kimo cha mita 0.8. Ongeza 20 za ramani ni mita moja ya maji, chini ya mkuku sentimita 30. Wimbi moja likimshusha nusu mita, anakaa juu ya mwamba, na linalofuata linamlaza ubavu.

Angeweza kungoja nje mpaka saa saba na nusu. Lakini hapo tangazo la pili likabadilika maana bila namba yake hata moja kubadilika: kungoja huko kungekuwa ndani ya upepo wa noti 25, saa nzima na zaidi, upepo ukimsukumia pwani. Akafikiria kutoka na kurudi mapema, kabla ya saa tatu na dakika 20 mlango haujafungwa na kina. Mjomba akatikisa kichwa. Saa ya tatu na ya nne za kupwa ndipo mkondo unapotoka kwa nguvu zaidi, na mlango ule unatazama mashariki. Maji yanatoka, upepo unaingia, mawimbi yanasimama wima kama ukuta hata kwa noti 15.

"Basi tuvue ndani ya mwamba," kijana akasema.

Baharia aliyenung'unika akauliza watapata nini huko ndani, na kwa kweli hawakupata kitu cha kusimulia.

Rafiki aliyetuma picha ya kwanza hakuwa na nia mbaya, na ndiye ninayemwandikia. Jedwali lipigwe ukurasa mzima, jina la mwezi, mwaka na bandari vionekane, hata kama namba zitakuwa ndogo, kwani simu zote zinakuza. Na tangazo la hali ya hewa lipigwe pamoja na saa lilipotolewa na mwisho wa muda wake. Neno "kesho" kwenye picha iliyozungushwa mara tano halina siku. Saa ambayo picha imeingia kwenye simu yako ni saa ya rafiki yako kubonyeza, haihusiani na upepo.

Kuhusu mti, wapo wanaosema ni mambo ya kizamani, na wapo wanaosema mti na mwezi vinatosha, karatasi tuwaachie wenye meli. Hao wote siwaelewi. Mwezi ulikubaliana na jedwali lisilo sahihi, na mti ungeweza kumwambia kijana maji yamesimama lakini usingemwambia yatapwa mpaka wapi.

Jioni ile, wakati wa kuivuta mashua, mjomba aliung'oa ule mti akautupa ndani pamoja na makasia, uzi ukiwa bado umefungwa.