Baiskeli niliyomwahidi mwanangu wa ubatizo

Miaka mitatu iliyopita, mwanangu wa ubatizo alipotimiza miaka 9, nilimtumia ujumbe kwenye simu ya mama yake: "Nitakuwa nawe daima, na ukifaulu nitakununulia baiskeli." Akafaulu. Mwezi huo nikapata msiba nyumbani, pesa ikaishia kwenye nauli na rambirambi. Mwezi uliofuata nikaona haya kuulizwa, nikaacha kupiga simu. Miezi minne nzima, mtu mzima nikamkwepa mtoto wa darasa la tatu.

Tangu hapo naamini kwamba sisi wasimamizi wa ubatizo tunaziharibu salamu za siku ya kuzaliwa kwa ahadi kubwa. Tunaandika kama wajomba waliotoka safari. Wengine wanaahidi ada hadi chuo kikuu, wakati kusimamia ubatizo hakumfanyi mtu mlezi kisheria wala mfadhili wa familia.

Siku ile kanisani tuliulizwa nini hasa? Padri aliwauliza wazazi kwanza kama wanaelewa wajibu wa kumlea mtoto katika imani. Kisha akatugeukia sisi tuliovaa vitenge vipya: mko tayari kuwasaidia wazazi hawa katika wajibu wao? Basi. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 872, inasema hivyo hivyo: msimamizi amsaidie mbatizwa aishi maisha ya Kikristo na kutimiza wajibu wake. Zawadi hazimo. Ni kazi ya kusaidia, na ni ya miaka mingi, ndiyo maana ahadi yake inafaa iwe ndogo kiasi cha kuweza kurudiwa.

Mwaka huu ametimiza 12. Nilinunua kadi, nikaiandika kwa mkono, nikampa kondakta wa basi aifikishe. Niliandika hivi:

"Mwanangu, siku ya ubatizo wako mvua ilinyesha. Baba yako aliuwasha mshumaa wako kwenye mshumaa wa Pasaka, na tulipotoka akaukinga kwa koti usizimike kabla hatujafika kwenye gari. Koti likaungua kidogo mkononi. Wewe ulikuwa umelala. Mwombe mama akuonyeshe huo mshumaa, uko kabatini pamoja na cheti chako.

Bwana akubarikie, na kukulinda. Bwana akuangazie nuru za uso wake, na kukufadhili. Bwana akuinulie uso wake, na kukupa amani.

Baiskeli niliyokuahidi sikuileta. Nisamehe. Sitaitaja tena mpaka niwe nimeishika. Ninachokuahidi ni hiki: kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa 10 jioni, nitakupigia simu. Ukiwa na jambo unaloogopa kumwambia mama, niambie mimi. Nitakusikiliza mpaka mwisho. Likiwa jambo la kukudhuru, sitalificha, ila tutakwenda kumwambia pamoja. Na ukifika wakati wa kipaimara, mimi nipo, ukinitaka. Mama yako wa ubatizo."

Baraka hiyo ni ya Hesabu 6:24-26, na sikuibadilisha neno. Kanisani tumezoea kusikia "awabarikie", kwa sababu tuko wengi. Kwenye Biblia imeandikwa "akubarikie", kama anayesimama mbele ya mtu mmoja. Kwangu hiyo "ku" inatosha kuliko beti zote zenye maua na keki ninazotumiwa na watu waliotumiwa na watu.

Kuhusu siri nilifikiri sana. Rahisi kuandika "niambie chochote, sitamwambia mtu", na mtoto angefurahi. Lakini siku akiniambia kuna mtu mzima anamshika vibaya, ningelazimika kuchagua kati ya ahadi yangu na usalama wake. Heri ajue mpaka uko wapi kabla hajaanza kusema. Mama yake niliwahi kumsomea sehemu hiyo kwenye simu kabla kadi haijaondoka, maana mimi ni msaidizi wake, sichukui nafasi yake.

Kipaimara nacho nilikitaja kwa sababu Kanisa linapendekeza, bila kulazimisha, msimamizi awe yule yule wa ubatizo. Nikaongeza "ukinitaka". Miaka 12 inatosha mtoto kuwa na maoni yake kuhusu nani aweke mkono begani mwake mbele ya askofu, hasa baada ya ile miezi minne.

Jibu lilikuja jioni ya siku ya pili, kwa simu ya mama yake:

"Shikamoo mama. Asante kwa kadi. Mshumaa nimeuona, umepinda. Baiskeli nilishasahau. Ila Jumapili ya kwanza mwezi huu imeshapita, kwa hiyo tunaanza lini?"

Baba yake anasema baiskeli hajaisahau hata kidogo. Mwanangu nilimpigia saa hiyo hiyo, ingawa ilikuwa Jumatano.