Shukrani za kamati

Kuna mwandishi anadai eti tusi la wazi ndilo linalouma kuliko yote. Labda kwake. Hapa Moshi matusi ya stendi huisha kwa kicheko, lakini la mwenyekiti wetu wa kamati ya harusi halijaisha mpaka leo. Jamaa mmoja aliahidi mchango wa laki tano kwa mbwembwe, ikaja elfu ishirini. Mwenyekiti akasimama, akafunga kifungo cha koti: “Kwa niaba ya kamati, nichukue fursa hii kumshukuru mheshimiwa. Ahadi yake ilitutia moyo sana.” Akaketi. Pesa hakuitaja. Karibu kila mtu mle ndani alijua hesabu na akaimalizia mwenyewe kichwani. Yeye katoa shukrani tu. Sasa jamaa ajibu nini? Akifoka, kakiri limemgusa. Akinyamaza, ndiyo kashukuriwa. Angeitwa bahili mchana kweupe, wazee wangemkemea mwenyekiti na nusu ya kikao ingemhurumia jamaa. Ila dawa hii haifanyi kazi kwa asiyejua habari: shemeji mmoja mgeni alipiga makofi kwa moyo mweupe kabisa (makofi yale yalizidisha, nadhani). Wadau, kuna aliyewahi kupata jibu la kitu kama hicho palepale?